HR wanataka kukata elfu 20 ya mshahara waniwekee kwa pensheni, nikubali?

Mama Hesabu habari yako. Mimi ni mdada wa miaka 34, naishi Donholm, niko na bwana na mtoto wa miaka minne, na wa pili yuko njiani (miezi mitano sasa). Kazi yangu iko Upper Hill. Mshahara wa jumla ni 150,000, yaani besiki 120,000 na ya nyumba 30,000, na kwa mkono napata kama 105,000 kabla sako haijachukua 38,000 yake ya mkopo. Wiki jana HR walituma imeli ya kitu wanaita salari sakrifaisi, ati besiki yangu ishuke hadi 100,000 na ile 20,000 kampuni iniwekee kwa pensheni, kodi ipungue na kila mtu afurahi. Kuna pia ya chakula, 5,000 kwa kantini, na ya bima ya afya ya familia, 8,000, unachagua unayotaka. Mwenzangu mmoja anataka hadi ya gari. Tayari kampuni huniwekea pensheni asilimia 5 ya besiki. Bima ya bwana na mtoto nalipa mwenyewe 8,000 kila mwezi, mimi niko kwa ya kampuni. Sijui nitakaa hapa muda gani, labda miaka miwili halafu nijaribu kitu changu. Wanasema asiyejibu kufikia Ijumaa atahesabiwa amekubali. Nikisoma mtandaoni naona watu wakisifu hii kitu mpaka nashangaa, ni mimi siioni ama?

Mama wa Wawili Karibuni, Donholm

*

Mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Pensheni usitie sahihi, angalau si vile wameiandika. Bima ya familia chukua. Chakula inategemea unakula wapi, tutafika huko.

Mimi nimekaa kwa dawati la mishahara miaka kumi na moja, nimeona hizi imeli zikija na picha ya mti unaomea sarafu, kwa hivyo nimechukua karatasi nikapiga hesabu yako kwa viwango vya 2025. Fuatana nami polepole, nambari si nyingi.

Kwa viwango hivyo, kwa ile 150,000 unakatwa NSSF 4,320, SHIF 4,125 ambayo ni asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba 2,250 ambayo ni asilimia 1.5. NSSF tangu zamani, na hizo nyingine mbili tangu mwisho wa Desemba 2024, zinaondolewa kwanza kabla kodi haijapigwa, inabaki 139,305, na PAYE yako baada ya kupunguziwa ile 2,400 ya kila mtu inakuja 34,175. Mkononi 105,130. Hapo tuko pamoja, ndiyo ile kama 105,000 uliyosema.

Sasa ukubali vile HR wanataka. Mshahara unakuwa 130,000, SHIF inashuka hadi 3,575, ushuru wa nyumba hadi 1,950, NSSF haisongi kwa sababu kwa viwango hivyo vya 2025 inakatwa mpaka mshahara wa 72,000 tu na wewe umepita huko zamani, PAYE inakuwa 28,430, na mkononi unabaki na 91,725. Yaani mfuko wako umepungua kwa 13,405 na pensheni imepata 20,000. Ukiangalia hivyo tu unaona raha, kutoa elfu kumi na tatu na kitu ukapata elfu ishirini, nani atakataa? Na hapo ndipo imeli ya HR huishia.

Kitu hawajakuambia ni kwamba hiyo raha karibu yote ungeipata bila kugusa kandarasi yako. Sheria ya kodi ya Kenya inakuruhusu wewe mwenyewe kuchangia pensheni iliyosajiliwa mpaka 30,000 kwa mwezi (NSSF ikiwa ndani ya hiyo 30,000) na pesa hiyo haikatwi kodi. Zamani mwisho ulikuwa 20,000, wakaongeza kwa ile sheria ya Desemba 2024. Kwa hivyo mshahara ukae palepale 150,000, umwambie mtu wa mishahara akukate 20,000 ya hiari iende kwa skimu ileile ya kampuni. Ukijumlisha na NSSF ni 24,320, bado uko ndani. PAYE inakuja 28,175 na mkononi unabaki na 91,130.

Weka hizo mbili kando kwa kando, 91,725 na 91,130. Tofauti ni shilingi 595. Hiyo ndiyo faida yote ya salari sakrifaisi kwako mwanangu, mia tano tisini na tano kwa mwezi, na inatoka mahali pamoja tu, kwamba SHIF na ushuru wa nyumba hupigwa kwa mshahara wa jumla, na mshahara wa jumla ukishuka nazo zinashuka. Kodi yenyewe ya PAYE haina tofauti ya maana, pensheni ilikuwa inaikwepa hata kabla ya HR kuamka. Kampuni nayo inaokoa 300 kwa mwezi juu yako kwa sababu nayo hulipa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na ukizidisha kwa wafanyakazi mia mbili unaelewa ni nani hasa anafurahi.

Sasa uliniuliza ni kwa nini mtandaoni watu wanaisifu. Wengi wa wanaosifu wako Uingereza, na kwao ni kweli. Kule kuna makato yanaitwa Neshno Inshurensi, mfanyakazi wa kawaida hulipa asilimia 8 na mwajiri tangu Aprili 2025 hulipa asilimia 15, na mchango wako mwenyewe wa pensheni hauyakwepi hayo makato, lakini mchango wa mwajiri unayakwepa. Kwa hivyo ukimpa mwajiri sehemu ya mshahara akuwekee yeye, nyinyi wawili mnaokoa kitu kikubwa. Hapa kwetu hatuna makato ya ukubwa huo yanayotofautisha mchango wako na wa mwajiri, tuna ile asilimia 4.25 ya SHIF na nyumba basi. Mtu wa HR amechukua dawa ya homa ya wengine akatuletea sisi tunaoumwa na jino.

Lakini 595 si ni pesa? Ni pesa. Shida ni kile unachotoa ili uipate, na hapa nataka ukae kidogo.

Umesema kampuni hukuwekea asilimia 5 ya besiki. Asilimia 5 ya 120,000 ni 6,000. Besiki ikishuka hadi 100,000 hiyo asilimia 5 inakuwa 5,000. Umeona? Umeokoa 595 mkononi ukapoteza 1,000 ya pensheni ya bure, mwezi huohuo, na hakuna mtu amekudanganya mahali popote, ni hesabu tu imejipiga yenyewe kwenye mashine kwa sababu fomula inasoma besiki. Mara moja tu nimeona imeli ya aina hii ikisema wazi kwamba mchango wa kampuni utaendelea kupigwa kwa besiki ya zamani. Zingine zote zilinyamaza, na ukiuliza unaambiwa ooh hilo tutaliangalia.

Halafu besiki ni kama mguu wa meza, ukiukata si kijiko kimoja tu kinachoteleza. Kampuni ikipunguza watu, sheria ya kazi ya 2007 inasema ulipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza, na kampuni nyingi zinapiga hiyo kwa besiki. Kwa 120,000 siku 15 ni 60,000, kwa 100,000 ni 50,000, kwa hivyo kila mwaka uliofanya kazi umepungua elfu kumi, hata ile miaka uliyofanya kabla ya kukubali. Nilikuwa na kijana mmoja kwa ofisi niliyofanya zamani, amekaa miaka tisa, aliweka sahihi ya kitu kama hiki Februari na barua ya kupunguzwa kazini ikamfikia Novemba. Nilikuwa mimi ndiye napiga zile hesabu zake za mwisho. Akaja dawatini, akaangalia karatasi, akaniuliza kwa upole kabisa, “Hii besiki ni ya nani?” Sikuwa na jibu, kwa sababu sahihi ilikuwa yake.

Na wewe una mimba. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu na mshahara kamili, lakini kamili ni ule ulio kwenye kandarasi siku hiyo, kwa hivyo utalipwa 130,000 na si 150,000, na ukiwa nyumbani na mtoto mchanga unataka shilingi iwe mkononi, si kwa skimu. Uliza pia kama ile 20,000 ya pensheni itaendelea kuwekwa miezi hiyo mitatu, maana hiyo si zawadi yao, ni mshahara wako umebadilishwa nguo.

Sasa tuingie kwa kile ambacho kwa maoni yangu ndicho kikubwa zaidi kwako, kwa sababu umesema labda miaka miwili uondoke. Skimu ya pensheni ina vikapu viwili. Siku utapewa taarifa yako ya mwanachama, ile karatasi hutoka mara moja kwa mwaka, angalia utaona nguzo mbili, moja imeandikwa mchango wa mwanachama na nyingine mchango wa mwajiri. Pesa ni ileile, imetoka kwa jasho lilelile, lakini ukiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu nguzo hizo hazifunguki sawa. Ile ya mwanachama unaweza kuitoa yote pamoja na faida yake. Ile ya mwajiri unaruhusiwa kutoa nusu tu, nyingine inabaki imefungwa mpaka ufike umri wa kustaafu mapema, miaka 50.

Sasa rudi kwa pendekezo la HR. 20,000 kwa miezi 24 ni 480,000, bila kuhesabu faida. Ukiichangia mwenyewe yote iko nguzo yako. Ukiitoa kwa mshahara ili kampuni iichangie, inaandikwa nguzo ya mwajiri, na siku unaondoka kwenda kufungua kitu chako unaweza kuchukua 240,000, zile nyingine 240,000 zinakungoja miaka kumi na minne. Kodi ya kutoa mapema utakatwa kwa njia zote mbili hiyo usidanganyike, lakini angalau kwa njia ya kwanza uamuzi ni wako.

Kuna mtu atasema ni vizuri zifungwe maana tutazila. Ni kweli kwa watu wengine, mimi mwenyewe ningefungiwa zamani ningekuwa na ploti. Lakini mtu anayejijua hivyo anaweza kuziacha kwa skimu kwa hiari yake, hahitaji kutia sahihi ya kushushwa mshahara ili ajizuie.

Niwe mkweli pia, kuna mahali sakrifaisi inashinda. Sheria inasema makato yote yakijumlishwa yasipite theluthi mbili ya mshahara. Kwa viwango hivyohivyo, na ile 38,000 ya sako, makato yako ni karibu 82,870, na mwisho wako ni 100,000, kwa hivyo una nafasi ya 17,000 hivi ya mkopo mwingine. Ukichangia pensheni 20,000 mwenyewe inahesabiwa kama makato na nafasi inabaki 3,130 tu, yaani sako wakikuona wanafunga dirisha. Ukifanya sakrifaisi mshahara unashuka lakini ile 20,000 haionekani tena kama makato, nafasi inakuwa kama 10,390. Kwa hivyo kama ungekuwa unataka mkopo mwezi ujao ningefikiria mara mbili, ingawa kuna sako na benki zinazopiga theluthi kwa besiki peke yake, na hapo kushusha besiki kunakuumiza tena. Lakini kwa mtoto anayekuja na elfu 38 tayari inaenda, mimi nisingekupa moyo wa mkopo mwingine, na wala nisingechangia 20,000. Anza na 10,000 ya hiari. Inakugharimu 7,000 mkononi, elfu tatu ni kodi ambayo ungelipa. Na mchango wa hiari unaweza kuupunguza ama kuusimamisha kulingana na kanuni za skimu, lakini kandarasi ikishabadilishwa kuirudisha mshahara wa zamani unaomba kama mtu anayeomba nyongeza.

Sasa bima, na hapa nabadilisha sauti kabisa kwa sababu hapa ndipo hii kitu inafanya kazi. Tofauti na pensheni, bima ukiilipa mwenyewe kodi inakusaidia kidogo tu, unapunguziwa asilimia 15 ya ulicholipa, mwisho 5,000 kwa mwezi. Kwa 8,000 yako hiyo ni 1,200, kwa hivyo inakugharimu 6,800 kwa kweli (na hapo ni kama umepeleka cheti cha bima kwa mtu wa mishahara, watu wengi hawapeleki, kama wewe ni mmoja wao unalipa 8,000 kamili na KRA wanakushukuru kimyakimya). Lakini bima ya afya ikilipwa na mwajiri kwa mfanyakazi wa muda wote na watu wake haihesabiwi kama mapato yako hata kidogo. Ukitoa 8,000 kwa mshahara, mkononi unapungukiwa na 5,362 tu. Yaani kutoka 6,800 mpaka 5,362, umeokoa 1,438 kila mwezi kwa kitu ambacho ulikuwa unanunua tayari, na hakuna kilichofungwa mpaka miaka 50.

Ona vile inatofautiana. Pensheni ilikuwa na msamaha wa kodi mkononi mwako tayari, sakrifaisi haikuongeza kitu. Bima haikuwa nao, sakrifaisi ndiyo inauleta. Ukiulizwa tena na HR kuhusu kitu kingine chochote anza na swali hilo, hiki kitu nikikinunua mwenyewe kodi inanisamehe ama hainisamehi.

Lakini usikimbie. Omba kwanza ile 8,000 itoke kwa alawansi ya nyumba, ibaki 22,000, besiki isiguswe. Huu ni ujanja mdogo wa dawati letu na HR wengi wanakubali kwa sababu kwao jumla ni ileile, ila kwako asilimia 5 ya pensheni na hesabu za siku 15 zinabaki juu ya 120,000. Pili, usifute bima yako ya sasa mpaka upate kwa maandishi tarehe bwana na mtoto wameingia kwa ile ya kampuni, na uulize mtoto mchanga anaingizwa lini na kwa pesa gani, maana bima zina siku za kungoja na hakuna mahali pabaya pa kujua hilo kama kaunta ya hospitali saa nane usiku. Tatu, ukiondoka baada ya miaka miwili bima inaisha na kazi, utaanza mpya na kungoja upya, kwa hivyo miezi mitatu kabla ya kuacha anza kutafuta.

Chakula sasa. Kwa sheria ya Desemba 2024 chakula unachopewa na mwajiri kwa kantini yake ama kwa mtu aliyesajiliwa kwa kodi hakikatwi mpaka 5,000 kwa mwezi (zamani ilikuwa 4,000). Ukitoa 5,000 kwa mshahara unapungukiwa na 3,351 mkononi. Inaonekana tamu. Ila nijibu kwa ukweli, lanchi unakula wapi? Kama unateremka kwa mama wa kibanda chapati mbili na madondo za 150, siku 22 za kazi ni 3,300. Kantini imekuwa ghali kwa shilingi hamsini na moja na madondo yao huwa hayana nazi. Na siku za likizo ya uzazi hutakuwa hapo kula, 5,000 inaendelea kutoka. Kwa mtu anayekula hoteli ya 300 kila siku ni faida safi, kwako mimi naona uache mpaka urudi kutoka likizo.

Na hao wenzako wa mshahara mdogo waambie kitu kimoja, walinzi na wale wa mapokezi. Mtu wa 50,000 yuko chini ya ile 72,000 ya NSSF, kwa hivyo akitoa 5,000 NSSF yake inapungua 300 na ya mwajiri inapungua 300 nyingine, hiyo ya mwajiri ilikuwa pesa yake ya uzeeni imepotea hivihivi.

Kuhusu Ijumaa. Sheria ya kazi inataka mwajiri akibadilisha masharti ya kandarasi ashauriane na wewe na abadilishe kwa maandishi. Kimya chako si sahihi. Lakini usikae kimya ukingoja kuwa sahihi mahakamani, jibu imeli kabla ya Ijumaa, andika kitu kama hiki:

“Habari. Nimesoma pendekezo. Sikubali kupunguzwa besiki kwa ajili ya pensheni. Naomba badala yake nikatwe mchango wa hiari wa 10,000 kwa mwezi, uandikwe kama mchango wa mwanachama. Nakubali bima ya familia ya 8,000 ikiwa itatolewa kwa alawansi ya nyumba na besiki ibaki 120,000. Ya chakula sichukui kwa sasa. Naomba barua ya kandarasi iliyorekebishwa kabla ya mabadiliko yoyote kwenye mshahara.”

Wakirudi na kusema pensheni ni lazima ama wakubembeleze, kuna sharti moja ninaweza kukubali nalo. Waandike kwenye kandarasi, si kwenye imeli, kwamba besiki ya marejeo ni 120,000 na ndiyo itatumika kwa ile asilimia 5, kwa nyongeza za mishahara, likizo, uzazi na malipo ya kupunguzwa kazini, na kwamba ile 300 wanayookoa wakuwekee wewe. Wakiandika hivyo wengi wa wale wanyama niliokutisha nao wanakufa, inabaki tu ile ya kufungiwa nusu, na hiyo ni yako kuamua na bwana.

Kisha mwezi wa kwanza ukipata hati ya mshahara usiangalie ile namba ya chini tu. Angalia juu. Kama umechukua bima, mshahara wa jumla unatakiwa kusomeka 142,000, SHIF iwe 3,905 na ushuru wa nyumba 2,130. Ukikuta juu bado ni 150,000 halafu katikati ya makato kuna mstari umeandikwa bima 8,000, hawajafanya sakrifaisi yoyote, wamekukata tu kama sako, na kodi yako imepigwa kwa pesa yote. Rudi dawatini siku hiyohiyo, kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata wakati wanapeleka PAYE kwa KRA, kwa sababu kurekebisha baada ya hapo ni safari.

Huyo mwenzako wa gari mwite kando kabla hajatia sahihi. Gari la kampuni linahesabiwa kama mapato yake kwa asilimia 2 ya bei lililonunuliwa, kila mwezi, hata likiwa limezeeka na mlango umebonyea. Gari la 1,800,000 ni 36,000 inaongezwa juu ya mshahara wake kwa hesabu ya kodi, akiwa kwa asilimia 30 ni 10,800 ya kodi kila mwezi, juu ya ule mshahara alioutoa, na siku akiacha kazi anaacha funguo. Mwambie apige hesabu ya matatu na bolti za mwaka mzima kwanza, halafu aje tuongee.

Mama Hesabu